Lachi Inapogeuka Mara Mbili: Jibu Lianze na Wakati

Katika daftari la maabara la mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita palikuwa na mstari uliofutwa kwa kifutio hata karatasi ikakaribia kutoboka. Mstari huo ulikuwa umesema kwamba tokeo la lachi liligeuka mara mbili ndani ya kipindi kimoja cha saa. Juu ya alama za kufutia, mwanafunzi aliandika upya kwamba liligeuka mara moja. Hakuwa ameona hivyo. Aliandika hivyo kwa kuwa alidhani ndivyo kitabu kinavyotaka. Lakini dhamiri ilimsuta, naye akaacha kijikaratasi ndani ya daftari: "Mwalimu, shikamoo. Taa yangu imewaka na kuzimika katika mpigo mmoja wa saa. Nimerudia mara tano. Wakati mwingine inageuka mara moja, wakati mwingine mara mbili. Nadhani chipu ni mbovu, ila naomba unieleze kabla sijaitupa."

Mwalimu angeweza kumjibu kwa maneno manne: chipu ni mbovu, badilisha. Angeweza pia kumwambia kwamba swichi yake inadundadunda, au kwamba mambo hayo atayaelewa akifika chuo kikuu. Majibu ya namna hiyo hutolewa mara nyingi katika maabara za shule, na yote matatu yangekuwa makosa katika jambo hili. Chipu ilikuwa nzima. Mwanafunzi alikuwa ameona sawasawa. Alichokuwa amekifuta ndicho kilichokuwa kweli, na alichokiandika badala yake ndicho kilichokuwa uongo. Mwalimu alilichukua daftari nyumbani, akaandika jibu refu. Jibu hilo lafaa kuchunguzwa, maana linaonyesha mahali ambapo mafundisho ya elektroniki ya tarakimu huteleza, na jinsi ya kuyarekebisha.

Kwanza yafaa kueleza mwanafunzi alikuwa amefanya nini. Alitumia chipu ya namba 7475, ambayo ndani yake mna lachi nne. Kila lachi ina ingizo moja la habari, liitwalo D, na tokeo liitwalo Q, pamoja na kinyume chake. Lachi mbili za kwanza zinafunguliwa na kufungwa kwa mguu wa 13, na mbili za mwisho kwa mguu wa 4. Ishara inayofika katika miguu hiyo, ambayo hapa itaitwa C, ndiyo aliyoiita saa. Aliipata kutoka chipu ya 555, akiwa na rezista moja ya kilo-omu 1, nyingine ya kilo-omu 27 na kapasita ya mikrofaradi 100. Kwa vipimo hivyo kipindi kimoja huchukua karibu sekunde 4: kama sekunde 2 ishara ikiwa juu na kama sekunde 2 ikiwa chini. Mwendo huo wa pole ulichaguliwa makusudi, ili jicho liweze kufuata bila osiloskopu. Ingizo D alilitia kwenye swichi ya mkono, na kwenye Q akaweka taa ndogo ya diodi pamoja na rezista yake.

Alitarajia nini? Alitarajia kwamba lolote alifanyalo kwa swichi, taa ingegeuka mara moja tu kwa kila kipindi, na tena pale tu saa ipandapo. Matarajio hayo hayakutoka hewani. Alikuwa amesoma kwamba kumbukumbu za tarakimu "huenda na saa", naye akaelewa kwamba mpigo mmoja huruhusu geuko moja. Usemi huo ni wa kweli kwa chombo kingine ambacho huuzwa katika duka lilo hilo, chenye umbo lile lile na mguu mmoja mmoja wenye majina yale yale. Kwa lachi si kweli.

Mwalimu hakuanza na malango ya mantiki, wala hakuanza na jedwali la kweli na uongo. Alianza kwa kumtaka mwanafunzi asifute kitu tena. "Mwanangu," aliandika, "kilichoonwa huandikwa. Kama hakikubaliani na kitabu, basi ama kitabu kimekosea, ama wewe umekisoma vibaya, ama chombo si kile ulichodhani. Ukifuta, umeyapoteza yote matatu kwa pamoja." Baada ya hapo akamwomba arudie jaribio, lakini mara hii aandike wakati wa kila tukio, akihesabu sekunde kwa sauti tangu saa iliposhuka.

Mwanafunzi alifanya hivyo. Kwa kurahisisha hesabu, kipindi kikichukuliwa kuwa sekunde 4 kamili, mambo yalikwenda kama ifuatavyo. Katika sekunde ya 0 ishara C ilishuka, na D na Q zote zilikuwa 0. Katika sekunde ya 1, C ikiwa bado chini, aliiwasha swichi, D ikawa 1, taa haikuwaka. Katika sekunde ya 2 C ilipanda, na papo hapo taa ikawaka. Katika sekunde ya 3, C ikiwa bado juu, aliizima swichi, D ikawa 0. Na taa nayo ikazimika papo hapo, bila kungoja. Katika sekunde ya 4 C ilishuka, na hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo kipindi kilipokwisha, na Q ilikuwa imegeuka mara mbili: katika sekunde ya 2 na katika sekunde ya 3.

Aliendelea na kipindi cha pili. Katika sekunde ya 5 aliiwasha swichi tena, taa ikangoja. Katika sekunde ya 6 C ilipanda, taa ikawaka. Safari hii aliiacha swichi kama ilivyo mpaka C iliposhuka katika sekunde ya 8. Katika sekunde ya 9 aliizima swichi, lakini taa haikuzimika. Iliendelea kuwaka mpaka sekunde ya 10, C ilipopanda, ndipo ikazimika. Kwa hiyo kipindi cha pili kilikuwa na geuko moja, na hata cha tatu kilikuwa na moja.

Mageuzi yakiisha kupangwa hivyo katika mstari wa wakati, kitendawili huanza kujitegua chenyewe. Mageuzi mawili ya kipindi cha kwanza hayana sababu moja. La kwanza lilisababishwa na saa: D ilikuwa imekwisha kubadilika ikingoja nje, na C ilipofungua, habari ile ikaingia. La pili halikusababishwa na saa hata kidogo. Katika sekunde ya 3 saa haikufanya lolote. Ilikuwa juu kabla yake na ilikuwa juu baada yake. Lililobadilika ni D peke yake, na Q ikaifuata kwa kuwa njia ilikuwa wazi.

Hii ndiyo tabia ya lachi, na inaweza kusemwa kwa sentensi moja: C ikiwa 1, Q ni sawa na D, C ikiwa 0, Q inabaki vile ilivyokuwa. Wenye kupenda alama wataandika kwamba thamani mpya ya Q ni (C na D) au (si C na Q ya zamani). Sehemu ya kwanza ya kanuni hiyo ni njia iliyo wazi kutoka D mpaka Q. Sehemu ya pili ni Q kujirudia yenyewe, na huko kujirudia ndiko kunakoitwa kumbukumbu. C huchagua kati ya hizo mbili, na haifanyi zaidi ya hapo.

Mwalimu alimpa mwanafunzi mfano wa kioo na picha. Mtu akisimama mbele ya kioo akainua mkono, taswira huinua mkono. Akiushusha, taswira huushusha. Kioo hakihesabu wala hakingojei. Lachi iliyofunguliwa ni kioo. Saa inaposhuka, kioo hugeuka kuwa picha: sura iliyokuwapo wakati ule wa mwisho hubaki, hata mtu akiondoka. Mwanafunzi aliyedhani kwamba saa hupiga picha inapopanda, kumbe ilikuwa inafunua kioo. Picha hupigwa saa inaposhuka, na si kabla ya hapo.

Mfano huo unaonyesha pia kwamba idadi ya "mara mbili" haina maana maalumu. Mwalimu alimtaka mwanafunzi awashe na kuzima swichi mara kadhaa haraka haraka C ikiwa juu, kisha afanye vivyo hivyo C ikiwa chini. Katika sehemu ya juu taa iliwaka na kuzimika kwa kila mwendo wa mkono, mara nne, mara sita, kadiri mkono ulivyoweza. Katika sehemu ya chini taa haikutikisika. Kwa hiyo hesabu ya mageuzi katika kipindi kimoja ni hii: miendo yote ya D wakati C iko juu, pamoja na geuko moja zaidi mwanzoni endapo C inapopanda itakuta D si sawa na Q. Katika kipindi cha kwanza cha jaribio, moja lilitoka mwanzoni na moja katikati, jumla mawili. Hapakuwa na kigeugeu chochote.

Lilibaki shauri la swichi kudundadunda, ambalo haifai kulipuuza. Vipande vya chuma vya swichi ya mkono, vinapogusana, huruka na kugusana tena mara kadhaa kabla ya kutulia, na lachi iliyo wazi hupitisha miruko hiyo yote. Lakini miruko hiyo hukwisha ndani ya milisekunde chache, muda mfupi mno kwa jicho kutambua katika taa. Mageuzi ya mwanafunzi yalikuwa yameachana kwa sekunde nzima. Isitoshe, kila geuko lilikuwa na tukio lake lililojulikana. Kwa hiyo kudundadunda kulikuwapo, bila shaka, lakini hakukuwa sababu. Mwalimu anayetaja sababu iliyo ya kweli mahali pengine, bila kupima kama inalingana na muda uliopimwa, humwachia mwanafunzi neno badala ya maelezo.

Kisha jibu lilifika kwenye chombo kile kingine. Mwalimu alimpa mwanafunzi chipu ya namba 7474, yenye flipflopu mbili za aina ya D, akamwambia arudie miendo ile ile ya swichi kwa sekunde zile zile. Katika sekunde ya 2 taa iliwaka, kama mwanzo. Katika sekunde ya 3 swichi ilizimwa, lakini taa iliendelea kuwaka. Katika sekunde ya 5 swichi iliwashwa tena, na katika sekunde ya 6 saa ilipopanda, ilikuta D ni 1 na Q ni 1, kwa hiyo hapakuwa na la kufanya. Taa ilizimika katika sekunde ya 10. Mkono ulikuwa umefanya yale yale, saa ilikuwa ile ile, lakini mahali ambapo lachi iligeuka mara nne, flipflopu iligeuka mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa saa inapopanda.

Tofauti yenyewe ni kwamba lachi hutii hali ya saa, na flipflopu ya aina hii hutii ukingo wa saa. Hali ina urefu. Hapa ilikuwa na sekunde 2. Ukingo ni badiliko la ghafla kutoka 0 kwenda 1, na karibu hauna urefu wowote. Mambo mengi yanaweza kutokea ndani ya hali, lakini ndani ya ukingo hakuna nafasi ya kutokea mambo mawili.

Mwalimu hakutaka mwanafunzi aamini kwamba ukingo ni miujiza iliyofichwa katika chipu nyingine. Kwa hiyo katika sehemu ya mwisho ya jibu lake alimwelekeza aunde flipflopu kwa mikono yake, kwa kutumia chipu ile ile ya 7475 aliyotaka kuitupa. Ukweli kwamba lachi zake zimegawanyika katika jozi mbili zenye miguu tofauti ya C ndio unaowezesha jambo hilo. Habari inaingia kwenye lachi ya kwanza kwa mguu wa 2. Tokeo lake, mguu wa 16, linaungwa na ingizo la lachi ya tatu, mguu wa 6. Tokeo la lachi ya tatu, mguu wa 10, ndilo linalowasha taa. Saa inapelekwa moja kwa moja kwenye mguu wa 4, unaotawala lachi ya tatu. Na inapelekwa kwenye mguu wa 13, unaotawala lachi ya kwanza, baada ya kugeuzwa na lango moja la SI katika chipu ya 7404. Umeme wa volti 5 huingia kwa mguu wa 5, na ardhi ni mguu wa 12. Yafaa kuangalia miguu hiyo miwili mara mbili, maana katika chipu hii haiko pembeni kama ilivyo katika nyingine nyingi.

Ukifuata njia hiyo, utaona mpango wa milango miwili ambayo haifunguki pamoja. Saa ikiwa chini, lachi ya kwanza iko wazi na inaifuata D huku na huko, lakini lachi ya tatu imefungwa, kwa hiyo taa haijui lolote. Saa inapopanda, lachi ya kwanza inafungwa na kuishika thamani ya mwisho iliyoiona, na lachi ya tatu inafunguka kuionyesha thamani hiyo. Sasa D ikibadilika, mlango wa kwanza umefungwa. Saa inaposhuka, mlango wa kwanza unafunguka, lakini wa pili umekwisha kufungwa. Hakuna wakati ambapo njia yote kutoka D mpaka taa iko wazi, isipokuwa kipande kidogo sana saa inapopanda, lango la SI linapochelewa kwa nanosekunde chache kuifunga lachi ya kwanza. Kwa sababu hiyo D inapaswa kutulia wakati wa ukingo wenyewe. Ikibadilika papo hapo, hakuna anayeweza kusema ni thamani gani itakayoshikwa. Sharti hilo linazihusu lachi pia: katika 7475 D inatakiwa iwe imetulia kwa kiasi cha nanosekunde 20 kabla C haijafunga.

Mwanafunzi aliyeunda mtambo huo anaweza sasa kuuliza: kama lachi moja inatosha kukumbuka, kwa nini kutumia mbili? Jaribio moja humjibu vizuri kuliko maneno. Achukue lachi moja tu, aunganishe tokeo lake la kinyume, mguu wa 1, na ingizo lake D, mguu wa 2, akitarajia kwamba kila mpigo utaigeuza mara moja, kama inavyotakiwa katika kihesabio. C inapopanda, D inasema "kuwa kinyume chako". Lachi inatii. Lakini ikiisha kutii, kinyume chake nacho kimebadilika, na njia bado i wazi, basi inaambiwa igeuke tena. Safari moja ya kuzunguka huchukua makumi machache tu ya nanosekunde. Kwa sekunde 2 zote ambazo C iko juu, lachi hujifukuza yenyewe mamilioni ya mara kwa sekunde, au hukwama katika volti ya katikati ambayo si 0 wala si 1. Jicho halioni mbio hizo. Linaona taa yenye mwanga hafifu kuliko kawaida. C inaposhuka, taa hubaki imewaka au imezimika bila utaratibu wowote unaoweza kutabiriwa. Hapa mageuzi si mawili tena, na anayeangalia kwa macho tu anaweza kudhani kwamba waya umelegea.

Muunganisho huo huo ukifanywa katika mtambo wa lachi mbili, kwa kuunga mguu wa 11, ambao ni kinyume cha lachi ya tatu, na mguu wa 2, taa hugeuka mara moja tu kwa kila kipindi. Huwaka kwa karibu sekunde 4 na kuzimika kwa karibu sekunde 4. Saa imegawanywa kwa mbili, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kihesabio chochote cha tarakimu. Lile lango la SI linachelewa, ndiyo, lakini ucheleweshaji wake ni mfupi kuliko safari ya habari kupita lachi mbili, kwa hiyo mlango wa kwanza hufungwa kabla habari mpya haijarudi kubisha hodi.

Isidhaniwe kutokana na hayo kwamba lachi ni chombo pungufu ambacho kingefaa kuachwa. Kichakato kidogo cha 8085, kilichotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1976, kinatumia nyaya nane zile zile kupitisha kwanza nusu ya chini ya anwani ya kumbukumbu, na baadaye habari yenyewe. Anwani isiposhikwa mahali, itapotea habari itakapofika. Kwa hiyo huwekwa nje lachi nane, mathalan chipu ya 74373, zinazotawaliwa na ishara iitwayo ALE. ALE ikiwa juu, lachi ziko wazi, na anwani hupita na kuifikia kumbukumbu mara tu inapotulia, bila kungoja ukingo wowote. ALE inaposhuka, anwani imekwisha kushikwa. Ule uwazi uliomtatiza mwanafunzi, huku ndio faida inayotafutwa: kumbukumbu hupata muda zaidi wa kutafuta. Chombo ni kile kile. Kilichotofautiana ni kama aliyekitumia alijua kwamba kinafanya kazi ya kioo au ya picha.

Sasa yafaa kurudi kwenye mafundisho. Chanzo cha kosa la mwanafunzi hakikuwa uvivu, wala hakikuwa kutojua hesabu. Jedwali la lachi alilijua kwa moyo. Mstari unaosema kwamba C ikiwa 1 basi Q ni sawa na D ulikuwa katika daftari lake, na ndani ya mstari huo mna jibu lote. Lakini jedwali halina safu ya wakati. Msomaji wake anaona 1 chini ya C, naye anaisoma kana kwamba ni tukio: saa imepiga, Q imechukua D, basi yamekwisha. Hakuna kitu katika jedwali kinachomwambia kwamba 1 ile inaweza kudumu sekunde 2, na kwamba kanuni inaendelea kutawala katika kila sehemu ya sekunde hizo. Mchoro wa mistari mitatu ya C, D na Q, mmoja chini ya mwingine, humwonyesha jambo hilo kabla hajauliza. Hivyo mchoro wa wakati ufundishwe kwanza, na jedwali lije baadaye kama ufupisho wake.

Kuna walimu watakaosema kwamba mtihani huuliza jedwali, na kwamba muda wa maabara ni mchache. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo mchoro wa mistari mitatu huchorwa ubaoni kwa dakika tano, na hautaki chipu hata moja. Mwanafunzi akiweza kuchora mstari wa Q mwenyewe, akipewa ile ya C na D, jedwali analo tayari. Akiweza kulisema jedwali tu, mchoro hanao. Ndivyo ilivyokuwa kwa huyu, ambaye alikuwa tayari kutupa chipu nzima na kufuta jambo la kweli.

Jambo la pili ni majina. Katika vitabu vingine maneno lachi na flipflopu hutumiwa kwa chombo kimoja, na katika vingine hutofautishwa, na mwanafunzi hupita kutoka kimoja kwenda kingine bila kuonywa. Waingereza wawili, Eccles na Jordan, walipounda mtambo wa kwanza wa namna hii kwa valvu mbili mwaka 1918, tofauti hiyo haikuwa imehitajika bado. Leo inahitajika. Neno la Kiingereza lililozaa "lachi" maana yake ni komeo la mlango, na kwa bahati nzuri maana hiyo inasaidia: mlango wenye komeo huwa wazi kwa muda, si kwa nukta moja, na yeyote anaweza kuingia na kutoka mpaka komeo litakaposhushwa. Jina lachi lishikiliwe kwa chombo kinachotii hali, na jina flipflopu kwa kile kinachotii ukingo, na mwalimu aseme wazi mbele ya darasa kwamba kitabu fulani hakifuati desturi hiyo.

Daftari lilirudishwa kwa mwanafunzi likiwa na kurasa tatu za jibu na mchoro mmoja. Chini kabisa mwalimu alikuwa ameandika kazi ya kufanya: "C iko juu kuanzia sekunde ya 2 mpaka ya 4, na tena kuanzia ya 6 mpaka ya 8. D inapanda katika sekunde ya 3, inashuka katika ya 5, inapanda katika ya 5 na nusu, inashuka katika ya 7. Chora Q ya lachi, kisha chora Q ya flipflopu, kabla hujagusa waya." Msomaji anaweza kuijaribu pia. Q ya lachi itapanda katika sekunde ya 3 na kushuka katika ya 7, bila kujua kwamba D ilitoka ikarudi wakati mlango umefungwa. Q ya flipflopu itapanda katika sekunde ya 6 peke yake. Mwanafunzi alichora yote mawili sawasawa. Kisha, juu ya mahali alipokuwa amefuta, akaandika upya kwa wino maneno ya mwanzo: tokeo liligeuka mara mbili, sekunde ya 2 kwa sababu ya saa, na sekunde ya 3 kwa sababu ya D.